Nakiongea ila sikisikii: masika moja na daftari la "naweza"

Mwezi wa Februari nilikuwa Tarangire na wageni wanne kutoka Ujerumani. Tulisimama karibu na kundi la tembo chini ya mbuyu, nami nikaanza maelezo yangu ya tembo kama ninavyoyatoa kila wiki: jike hubeba mimba miezi 22, kundi huongozwa na jike mkubwa kuliko wote, madume wakikua huondoka. Yote kwa Kijerumani, bila kukwama. Katikati ya maelezo, mama aliyekaa kiti cha nyuma akasema kitu kwa sauti ndogo. Nilichodaka ni neno moja tu, *schlecht*, yaani "mbaya". Nikadhani hajaridhika na sehemu tuliyosimama, nikamwahidi kwamba mbele kidogo tutaona tembo wengi zaidi, nikaendelea na madume. Dakika mbili baadaye mumewe alikuwa anamshika mabega huku mama huyo akitapika dirishani.

Alichosema ni *mir ist schlecht*. Ndivyo Wajerumani wanavyosema wanaposikia kichefuchefu. Maneno yote matatu nilikuwa nayajua tangu miezi ya kwanza ya kujifunza. Na kwa miaka miwili nilikuwa nawaambia watu wa ofisini kwamba Kijerumani changu kiko B1, ngazi ya tatu kati ya sita za kupimia lugha.

Kwetu watu wengi husema, "Lugha fulani naisikia, ila siiongei." Mtu amelelewa na bibi Mchaga au Mpare, anaelewa kila kitu, lakini akitakiwa kujibu anajibu kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa kinyume chake. Kijerumani nilikuwa nakiongea ila sikisikii, na kwa kazi ya kuongoza wageni hiyo ndiyo hali mbaya zaidi, kwa sababu mgeni akikuona unatiririka hapunguzi mwendo. Anakuamini, naye anaongea nawe kama anavyoongea na jirani yake nyumbani.

Machi, Aprili na Mei kwetu Arusha ni miezi ya mvua na wageni wachache. Mwaka huu niliamua kuitumia masika kupima lugha yangu upya, kisha kuisogeza kidogo. Naandika hapa jinsi nilivyopima na jinsi nilivyopanga, kwa sababu kosa nililokuwa nalo naliona kwa wenzangu wengi, si kwa Kijerumani tu bali kwa Kifaransa na Kihispania pia.

Hizi herufi tunazozitaja, A1, A2, B1 hadi C2, zinatoka kwenye mfumo uliochapishwa mwaka 2001 na Baraza la Ulaya lenye makao yake Strasbourg. (Baraza la Ulaya si Umoja wa Ulaya, ingawa watu huvichanganya.) Watu wengi wanazijua herufi, wachache wamesoma kilichoandikwa nyuma yake. Kila ngazi imejengwa kwa sentensi zinazoanza na "naweza": naweza kuelewa matangazo mafupi na ya wazi, naweza kuandika barua binafsi nikieleza yaliyonipata. Na hazikutungwa mezani tu. Msingi wake ni utafiti uliofanyika Uswisi miaka ya 1990, ambapo walimu karibu 300 walizitumia sentensi hizo kupima wanafunzi wapatao 2,800, na zile ambazo walimu walizielewa kwa namna tofauti zikaachwa.

Mfumo huo una jedwali la kujipima lenye safu tano: kusikiliza, kusoma, mazungumzo ya watu wawili au zaidi, kueleza jambo peke yako, na kuandika. Kutenganisha mazungumzo na kueleza peke yako ndiko kulikonifungua macho. Kila siku nilikuwa napima safu ya nne na kuiita Kijerumani kizima.

Nilichukua daftari la mistari, nikaandika zile sentensi za A1, A2 na B1 kwa Kiswahili changu mwenyewe. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili, na nasisitiza uifanye mwenyewe, kwa sababu ukitafsiri huwezi kuruka masharti. Na uzito wa sentensi hizi uko kwenye masharti. Sentensi ya kusikiliza ya B1 haisemi "naweza kuelewa Kijerumani". Inasema naweza kuelewa mambo makuu ya mazungumzo ya wazi, katika lugha sanifu, kuhusu mambo ninayokutana nayo mara kwa mara kazini, shuleni, wakati wa mapumziko. Ya wazi, lugha sanifu, mambo ya kawaida: masharti matatu. Kwa hiyo mgeni wa kutoka Uswisi anapoongea na mke wake kilugha chao nami nisiambulie kitu, hilo haliniondoi B1. Lakini mama yule wa Tarangire alisema maneno matatu sanifu kuhusu afya yake mwenyewe. Pale sikuwa na pa kujificha.

Nilipofika safu ya mazungumzo, ngazi ya A2, nilisimama. Sentensi yenyewe inasema kwamba naweza kubadilishana maneno mafupi ya kijamii, *ingawa kwa kawaida sielewi vya kutosha kuyaendeleza mazungumzo mimi mwenyewe*. Niliisoma mara mbili tatu. Ilikuwa kama mtu amekaa kiti cha nyuma cha gari langu akiandika.

Shida ya kujipima ni kwamba neno "naweza" linavutika. Niliwahi kufanya siku moja, naweza. Nilifanya na mwalimu wangu ambaye ameshanizoea na ananimalizia sentensi, naweza. Ndiyo maana niliweka sharti langu: sitii tiki mpaka nimefanya jambo hilo mara tatu, siku tofauti, bila kujiandaa, na angalau mara moja na mtu asiyenijua. Nikiweza kwa kurudiwa au kwa kamusi naandika nusu. Nisipoweza naandika sifuri. Sharti hili si la mfumo, ni langu, na linabana. Lakini lilinisaidia kutenganisha ninachokiweza na ninachokikumbuka.

Mfano wa kueleza peke yangu. Ngazi ya B1 inataka niweze kuunganisha sentensi kueleza mambo yaliyonipata, ndoto zangu, matumaini yangu. Kwa tembo, simba na Bonde la Ngorongoro, nilikuwa na tiki bila wasiwasi. Nikamwomba dada mmoja anayeishi Moshi, aliyefanya kazi ya uuguzi Hamburg kwa miaka minne, aniulize kitu kingine chochote kwa simu.

"Haya kaka," akasema, kisha kwa Kijerumani: ulianzaje kazi hii, na unataka kufanya nini baada ya miaka mitano?

Nilisema sentensi mbili. Ya tatu ikakosa kitenzi. Ya nne sikuianza. Akanyamaza akinisubiri, nami nikasikia saa ya ukutani.

"Kaka," akasema kwa Kiswahili, kwa upole, "tembo umewakariri. Si vibaya. Ila hayo ni maneno uliyoyatunza, siyo lugha unayoitunga."

Kwa hiyo safu ile ikawa na alama mbili: tiki kwa wanyama, nusu kwa mengine yote. Mtu anayeuza nguo kwa wageni Zanzibar atakuta hivyo hivyo kwenye bei na vipimo, na mhudumu wa hoteli kwenye vyumba na chakula. Dalili ya lugha iliyokaririwa ni rahisi kuiona: unaweza kuianza tangu mwanzo, lakini mtu akikukatiza katikati huwezi kurudi ulipoachia.

Kuandika kulikuwa wazi zaidi. Nilijipa kazi ya kweli ya ofisini: mwandikie mgeni kwamba badala ya saa mbili asubuhi tutamchukua saa kumi na mbili na nusu, umweleze sababu, umwombe radhi. Dakika arobaini, kamusi ikiwa wazi muda wote. Hiyo ni A1 na kidogo. Kusoma kukatoka vizuri, A2 kamili. Kusikiliza kukatoka A1 kamili na A2 nusu.

Ukiniuliza leo Kijerumani changu kilikuwa ngazi gani mwezi wa Machi, jibu la kweli ni safu tano zenye urefu tofauti. Kutaja herufi moja kungekuwa ni kuchagua safu ninayoipenda.

Baada ya kupima, nikataka kupanga, na hamu ya kwanza ilikuwa ile ya kila mtu: ikifika Juni niwe B1, safari hii ya kweli. Kabla ya kuiandika nilifanya hesabu. Taasisi ya Goethe, ambayo hutoa mitihani ya Kijerumani ya ngazi hizi, inapendekeza vipindi kati ya 200 na 350 vya dakika 45 ili mtu afike A2, na kati ya 350 na 650 ili afike B1. Toa moja kwa nyingine: kati ya A2 na B1 pana vipindi 150 kwa anayekwenda haraka, 300 kwa anayekwenda taratibu.

Mimi nina nini? Nina familia, nina shamba dogo la migomba linalotaka mkono wakati wa mvua, na safari moja moja hata masika. Niliangalia wiki nne zilizopita na kuandika saa nilizosoma kweli, siyo nilizokusudia. Zilikuwa tatu kwa wiki. Nikajipa tano, nikijua kwamba mvua inanipa nafasi. Machi hadi Mei ni wiki kumi na tatu. Nikahesabu kumi na mbili, kwa sababu katika miezi mitatu wiki moja lazima iende na msiba au homa. Saa tano mara kumi na mbili ni saa 60, ambazo ni vipindi 80 vya dakika 45. Themanini, na safari nzima inataka 150 kwa uchache.

Hesabu hiyo haikunivunja moyo, ilinionyesha cha kufanya. Vipindi 80 haviwezi kupandisha safu tano ngazi nzima. Vinaweza kusogeza sentensi mbili au tatu, kama nitazichagua na kuziacha nyingine zisubiri. Na hapa naona ndipo mipango mingi ya miezi mitatu inapofia: mtu anagawa saa zake sawasawa kwa kusoma, kusikiliza, sarufi na msamiati, na mwisho wa muda kila kitu kimesogea kiasi kidogo kisichoonekana.

Niliandika malengo mawili ukurasa wa mwisho wa daftari, nikiyaandika kwa mtindo ule ule wa sentensi za "naweza", pamoja na masharti yake. La kwanza: *Kufikia tarehe 31 Mei, mgeni akiniambia kwa mwendo wake wa kawaida, kwa Kijerumani sanifu, kuhusu afya yake, usingizi, chakula au uchovu, naweza kuelewa jambo lenyewe na kumuuliza maswali mawili ya kufuatilia, bila kuhamia Kiingereza.* La pili: *Naweza kumwandikia mgeni ujumbe wa maneno 80 hivi kuhusu mabadiliko ya ratiba, ndani ya dakika 20, nikitazama kamusi mara tatu tu.* Chini yake nikaandika ninachokiacha: kusoma, mtihani, na mnyama yeyote mpya. Hilo la wanyama liliniuma, kwa sababu kujifunza majina ya ndege kwa Kijerumani ndiyo raha yangu.

Saa tano zikagawanyika hivi: asubuhi tatu za kusikiliza, dakika 45 kila moja, simu mbili kwa wiki na yule dada wa Moshi, dakika 45 kila moja, nami nikimlipa, na saa moja na robo ya kuandika Jumamosi.

Kusikiliza ndiko nilikojifunza zaidi, kwa hiyo nikae hapo. Zamani nilikuwa naacha redio ya Kijerumani ikiongea jikoni nikiamini kwamba sikio litazoea. Miaka miwili halikuzoea. Safari hii nilichukua habari za polepole ambazo Deutsche Welle huzitoa kwa wanaojifunza, zenye maandishi yake, na mazungumzo mafupi ya kwa daktari kutoka kwenye masomo ya mtandaoni. Kipande cha sekunde 40, basi. Nakisikiliza mara tatu bila maandishi, naandika kila ninachosikia, kisha nafungua maandishi na kulinganisha. Pale nilipokosea naweka moja ya alama tatu. Ya kwanza: neno silijui. Ya pili: neno nalijua nikiliona, ila sikulisikia. Ya tatu: nilisikia maneno yote, ila maana haikuja.

Wiki ya kwanza, kipande cha mazungumzo ya mgonjwa na daktari, nilikosea sehemu kumi. Neno nisilolijua lilikuwa katika sehemu mbili tu. Sehemu sita zilikuwa za alama ya pili. Maandishi yanasema *haben Sie*, mtu mdomoni anasema kitu kama "hamzi", na mimi nilikuwa nasubiri maneno mawili yaliyosimama wima kama kwenye kitabu. Sehemu mbili zilizobaki zilikuwa za alama ya tatu, na zote zilitokana na vile vitenzi vya Kijerumani vinavyokatwa vipande viwili. *Ich rufe Sie morgen an*: nitakupigia simu kesho. Ile *an* ya mwisho ndiyo inayokuambia kwamba ni simu, na kabla hujaifikia hupaswi kuamua maana. Mimi nilikuwa naamua mapema, kwa sababu katika Kiswahili kitenzi kinakupa karibu kila kitu kwa mkupuo mmoja: nani, lini, kwa nani, vyote viko ndani ya "nitakupigia".

Ona tofauti ya tiba. Ningekuwa nimechukulia kwamba sielewi kwa kukosa msamiati, kama nilivyodhani miaka yote, ningeingia kukariri orodha za maneno na kutibu makosa mawili kati ya kumi. Kwa yale sita dawa ilikuwa kusikiliza kipande kile kile huku nikifuata maandishi kwa kidole, kisha kukisema mimi mwenyewe kwa kuyabana maneno kama wao, mpaka mdomo ukubali. Kwa yale mawili ya vitenzi dawa ilikuwa subira: nakiacha kitenzi wazi mpaka sentensi ifungwe. Yule dada alinifanyia zoezi la kusema sentensi na kuishia kabla ya neno la mwisho, nami nakisia yapi yanaweza kufuata.

Wiki ya sita nilijipima kwa kipande kipya cha urefu ule ule. Ni muhimu kiwe kipya. Kipande ulichokizoea kinakupa alama za kumbukumbu. Makosa yalikuwa sita, na ya alama ya pili yalikuwa mawili. Maneno nisiyoyajua sasa ndiyo yaliyokuwa mengi, matatu, hivyo nusu ya pili nikaanza kuchukua msamiati, lakini wa mwili na maradhi tu: kizunguzungu, kuhara, kuungua na jua, kifua kubana.

Kuandika hakukwenda hivyo. Wiki ya sita nilikuwa bado dakika 35. Tatizo lilikuwa lengo lenyewe: nilikuwa nimelipa saa moja na robo kwa wiki kitu ambacho kilikuwa kinaanzia A1. Nilikuwa na njia mbili, kuongeza muda au kupunguza lengo. Muda haukuwapo. Nikapunguza maneno 80 kuwa 40, dakika 20 zikabaki. Nikaandika tarehe ya badiliko hilo pembeni kwa kalamu nyekundu, kwa sababu lengo linalobadilishwa kimyakimya mwisho wake unajidanganya kwamba lilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Wiki ya tisa ilikwenda na msiba wa mjomba wangu, Same. Ile wiki niliyoiacha wazi ikafanya kazi yake.

Tarehe 31 Mei nilifungua ukurasa wa mwisho. Ujumbe wa maneno 40: dakika 18, kamusi mara mbili, tiki. Lengo la kusikiliza halikuwa na tiki, kwa sababu sharti langu linataka mtu asiyenijua, na mpaka siku hiyo nilikuwa nimeongea na dada yule yule tu. Nikaandika nusu.

Wiki ya pili ya Juni nilipanda na wageni wawili, mama na binti yake, hadi ukingo wa Bonde la Ngorongoro, ambako ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Tulishuka kutazama bonde. Binti akaegemea gari, akasema, si kwangu bali kwa mama yake, *mir ist ein bisschen schwindlig*. Kizunguzungu kidogo. Nilikuwa mkono kwenye kamera ya mtu, nikageuka. Nikamuuliza tangu lini. Nikamuuliza kama leo amekunywa maji. Alinijibu sentensi ndefu. Nusu ya kwanza nikaipata, nusu ya pili nikamwomba arudie, akarudia taratibu: alikuwa hajala kitu tangu usiku kwa sababu ya dawa fulani. Tukamkalisha, tukampa maji na ndizi, tukakaa pale robo saa kabla ya kuanza kuteremka.

Usiku, kambini, nikaweka alama moja kati ya tatu zinazohitajika.